Ekari ya hatua sabini

Muulize mkulima wa Tanzania ekari ina ukubwa gani, atakujibu papo hapo: hatua sabini kwa sabini. Hana haja ya mpima ardhi. Anasimama kwenye kona, anahesabu hatua sabini, anachomeka mti, anakata kona, anahesabu sabini nyingine, na akirudi alipoanzia ekari imekwisha kupatikana. Kwa kipimo hicho mashamba yanakodishwa, matrekta yanalipwa, vibarua wanapewa palizi na mbegu zinanunuliwa. Kila mtu anajua kwamba hatua za watu hazilingani, na wengi hulichukulia jambo hilo kirahisi: hatua ikipungua kidogo, shamba nalo limepungua kidogo. Tatizo liko kwenye hicho "kidogo" cha pili. Kwa kawaida kinakaribia kuwa mara mbili ya kile cha kwanza.

Ekari ililetwa na Waingereza. Kwao ilikuwa ukanda wa yadi 220 kwa yadi 22, yaani yadi za mraba 4,840. Ukitaka eneo hilohilo liwe na umbo la mraba, kila ubavu utakuwa na yadi 69.57. Namba ya namna hiyo haikai kichwani, lakini 70 inakaa. Na yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, kwa hiyo ekari ya sabini kwa sabini, hata ikipimwa kwa yadi halisi, imezidi kidogo. Ubavu umezidi kwa asilimia 0.6, eneo kwa asilimia 1.2. Ziada hiyo ni ndogo mno kugombaniwa, lakini angalia uwiano wake: asilimia ya eneo ni mara mbili ya asilimia ya ubavu.

Sasa tuingie kwenye mita, maana ndizo tunazotumia. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, na ubavu wa mraba wake ni mita 63.6. Siku hizi wako wanaosema "mita sabini kwa sabini", kwa kudhani kwamba hatua na mita ni kitu kimoja. Mita 70 zimezidi mita 63.6 kwa asilimia 10. Shamba la mita 70 kwa 70 lina mita za mraba 4,900, nalo limezidi ekari kwa asilimia 21. Hiyo 21 imetoka wapi, ikiwa tumeongeza kumi tu?

Chora mraba wa mita 63.6 ardhini kwa kijiti. Kuufikisha mita 70 kila upande, unaongeza mita 6.4 upande wa mashariki na mita 6.4 upande wa kaskazini. Upande wa mashariki unapata ukanda wenye urefu wa mita 63.6 na upana wa mita 6.4: mita za mraba 407, ambazo ni asilimia 10 ya shamba la mwanzo. Upande wa kaskazini unapata ukanda wa pili uliofanana nao kabisa, asilimia 10 nyingine. Lakini mraba haujakamilika. Kwenye kona ya kaskazini-mashariki, kanda mbili zinapokaribiana, kumebaki pengo la mita 6.4 kwa 6.4. Pengo hilo ni mita za mraba 41, asilimia 1 ya shamba. Kumi na kumi na moja: ishirini na moja.

Mambo yote ya asilimia za mraba yamo kwenye kanda hizo mbili na kona moja. Anayependa kuandika kwa herufi, akiita badiliko la ubavu p, ataandika hivi: eneo hubadilika kwa asilimia 2p + p²/100. Hiyo 2p ni kanda mbili, na p²/100 ni kona. Badiliko likiwa dogo, kona haionekani: ubavu ukizidi kwa asilimia 1, kona ni sehemu moja ya elfu kumi ya shamba, na unaweza kusema "mara mbili" ukaishia hapo. Likikua, kona nayo inakua, tena kwa kasi kuliko kanda. Ubavu ukiongezeka kwa asilimia 50, kanda zinaleta asilimia 100 na kona inaleta 25 zake. Ukiongezeka kwa asilimia 100, yaani ubavu ukiwa maradufu, kanda zinaleta 200 na kona 100, na shamba limekuwa mara nne.

Turudi kwenye hatua, maana huko ndiko hasara ilikolala. Hatua iliyokusudiwa kwenye ile sabini ni ya yadi moja, sentimita 91. Jaribu kupiga hatua ya sentimita 91 na kuirudia mara sabini kwenye ardhi iliyolimwa: huko si kutembea tena, ni kuruka. Mtu mzima akitembea mwendo wake wa kawaida, hatua yake iko karibu na sentimita 75. Hatua sabini za namna hiyo ni mita 52.5. Ubavu umepungua kwa mita 11.1, ambazo ni asilimia 17.5 ya mita 63.6. Shamba lililobaki ni mita za mraba 2,756. Limepungua kwa asilimia 32. Anayedhani amekodi ekari nzima ana theluthi mbili na ushei kidogo.

Zingatia kwamba mara mbili ya 17.5 ni 35, wala si 32. Tunapopunguza, kona inafanya kazi kinyume. Ukikata ukanda wa mita 11.1 upande mmoja wa ekari, kisha ukakata ukanda kama huo upande wa pili, ile kona zinapokutana umeihesabu mara mbili, ilhali ardhi yenyewe inaondoka mara moja tu. Kwa hiyo inabidi kona moja irudishwe kwenye hesabu, na kona hiyo ni asilimia 3. Thelathini na tano ukitoa tatu, unapata 32. Basi kuongeza kunazidi mara mbili kidogo, na kupunguza hakufiki mara mbili. Ndiyo maana ukirefusha ubavu kwa asilimia 10, halafu ukaupunguza kwa asilimia 10, hurudi ulipoanzia: ubavu unakuwa 99 kwa kila 100, na eneo linapungukiwa na karibu asilimia 2.

Kwenye safari ya kurudi ndiko watu wengi wanakopotelea. Shamba fupi limepungua kwa asilimia 32 ukililinganisha na ekari. Lakini ukitaka kulikuza liwe ekari kamili, huongezi asilimia 32. Unaongeza karibu asilimia 47, kwa sababu sasa unahesabu kutoka kwenye kidogo kwenda kwenye kikubwa. Chukua mfano wa trekta. Tuseme bei ya kulima ni shilingi 60,000 kwa ekari, na mwenye trekta amepima kwa hatua zake za sentimita 75. Mkulima analipa 60,000 kwa ardhi ambayo ni asilimia 68 ya ekari. Bei halisi anayolipa ni kama shilingi 88,000 kwa ekari. Mwenye trekta hakudanganya mtu. Alihesabu sabini, na watu walikuwa wakimwangalia. Kibarua wa palizi naye anapendelea hatua fupi, kwa sababu ekari yake inakwisha mapema. Anayekodisha shamba anazipenda, anayekodi hazipendi. Kijijini ukitaka kukodi, mtafute shemeji yako mrefu akahesabu, na ukitaka kukodisha, hesabu mwenyewe baada ya kula ugali mwingi.

Mbolea ina ubaya wa namna yake, kwa sababu haina mtu wa kubishana naye. Ushauri unaotolewa mara nyingi kwa mahindi ni mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia kwa ekari. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, ekari kamili ina mashimo karibu 18,000, na kila shimo linapata gramu 2.8 hivi. Shamba letu fupi lina mashimo 12,250. Mkulima akiamini ana ekari na akaumaliza mfuko wote, kila shimo limepata gramu 4.1, karibu mara moja na nusu ya kipimo. Wakati wa urea ukifika atafanya vivyo hivyo, na sehemu ya hiyo ziada itaondoka na mvua bila muhindi kuinusa. Lakini kwenye mfuko huohuo kuna ushahidi. Yule anayepima kila shimo kwa kipimo kimoja, akifuata gramu alizoambiwa, atafika mwisho wa shamba na mfuko umebaki na kilo 16. Wengi wakiona hivyo hudhani kibarua ameruka mistari. Kabla ya kumlaumu kibarua, pima shamba.

Mavuno nayo yanapotoshwa na kipimo hicho, ila kwa upande wa pili. Mkulima akivuna magunia 12 kwenye hiyo anayoiita ekari, atasema ardhi yake inatoa 12. Kwa ekari ya kweli inatoa karibu 18. Akijilinganisha na jirani aliyepima kwa tepu na kupata 15, atajiona mzembe, ilhali yeye ndiye aliyemzidi mwenzake. Calogero Carletto wa Benki ya Dunia na wenzake walilinganisha ukubwa wa mashamba unaotajwa na wakulima na ule uliopimwa kwa GPS, katika nchi nne, Tanzania na Uganda zikiwamo. Waliona kwamba mashamba madogo hutajwa kuwa makubwa kuliko yalivyo, na yale makubwa hutajwa kuwa madogo. Hatua fupi zinaweza kueleza nusu ya kwanza ya matokeo hayo, lakini haziwezi kueleza ya pili, maana hatua fupi hazibagui shamba. Kuna mambo mengine humo, kama vile mazoea ya kutaja namba nzimanzima: moja, mbili, tano. Kwa hiyo tusiibebeshe mizigo yote hatua ya sentimita 75.

Kuna kosa jingine ambalo halitokani na hatua kabisa. Mtu anataka nusu ekari. Ekari ni sabini kwa sabini, basi nusu yake ni thelathini na tano kwa thelathini na tano. Linasikika sawa kabisa, na nimelisikia kwa watu wanaojua hesabu za biashara vizuri kuliko mimi. Thelathini na tano kwa thelathini na tano ni 1,225, na hiyo ni robo ya 4,900. Ubavu umepungua kwa asilimia 50, eneo limepungua kwa 75: kanda mbili za 50 zinakata 100, kona ya 25 inarudishwa. Anayetaka nusu ana njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza upande mmoja tu na kuacha mwingine: 35 kwa 70. Ya pili, kama anataka mraba, ni kupunguza kila upande kwa asilimia 29 badala ya 50, na kupata hatua 49 na nusu. Hiyo inatokana na kipeuo cha pili cha mbili, 1.414, ambacho 70 inagawanywa kwacho. Hatua hamsini kwa hamsini zitazidi nusu ekari kwa asilimia 2, na kwa kazi za shamba inatosha sana. Ni rahisi kukumbuka: ekari sabini, nusu hamsini, robo thelathini na tano.

Wakenya wana shule yao ya jambo hili kwenye viwanja vya kujenga, na huko hesabu ni ya futi. Viwanja vya kawaida ni hamsini kwa mia na arobaini kwa themanini. Hivi si miraba, lakini kanuni inafanya kazi bila kujali, ilimradi pande zote mbili zibadilike kwa asilimia ileile. Kutoka 50 hadi 40 ni punguzo la asilimia 20, na kutoka 100 hadi 80 ni punguzo lilelile. Eneo linashuka kutoka futi za mraba 5,000 hadi 3,200, punguzo la asilimia 36. Dalali akikuambia pande za kiwanja cha arobaini kwa themanini zimepungua kwa asilimia 20 na bei nayo imepungua kwa asilimia 20, amesema kweli kwenye kila namba na bado ameuza ghali. Tuseme kikubwa ni shilingi 1,000,000 na kidogo ni 800,000. Kikubwa kinauzwa shilingi 200 kwa futi ya mraba, na kidogo shilingi 250. Ni ghali zaidi kwa asilimia 25. Bei iliyolingana na ardhi ingekuwa 640,000. Na hata hicho kikubwa, kinachozoeleka kuitwa thumuni ya ekari, hakifikii thumuni: thumuni ya kweli ni futi za mraba 5,445, kwa hiyo hamsini kwa mia imepungukiwa na asilimia 8.

Sharti la pande zote mbili lazima lishikwe, kwa sababu ndilo linalotenganisha kosa la asilimia 10 na kosa la 21. Ukikosea upande mmoja tu kwa asilimia 10, eneo linakosewa kwa asilimia 10 hiyohiyo. Kuna ukanda mmoja na hakuna kona. Mteremko hufanya kosa la aina hii. Mwenye shamba lililo kwenye kilima akihesabu kuelekea juu, anahesabu urefu wa mteremko, ambao unazidi urefu wa bapa, lakini akihesabu kukata kilima anatembea kwenye usawa. Kwenye mteremko unaopanda mita 20 kwa kila mita 100, kosa ni asilimia 2 upande mmoja, na eneo nalo ni asilimia 2. Na makosa yakienda kinyume, upande mmoja ukizidi kwa 10 na mwingine ukipungua kwa 10, eneo linapungua kwa asilimia 1 tu. Ni bahati, na bahati hiyo huwaangukia wale waliogawana kazi, mmoja mrefu akapima upande huu na mwenzake mfupi akapima ule.

Kuna pia shamba ambalo pande zake zote ni sahihi na bado si ekari. Kona zikiwa hazijanyooka, mraba unalala kama sanduku lililokanyagwa. Pande zinabaki mita 63.6 kila moja, lakini eneo linapungua. Kona mbili zikiwa na nyuzi 70 badala ya 90, shamba limepoteza asilimia 6 bila ubavu wowote kubadilika, na hakuna kanuni ya kanda na kona itakayolifichua. Linalofichua ni kupima kutoka kona hadi kona ya mkabala. Kwenye ekari ya mraba, mistari yote miwili ya kona kwa kona ina mita 90. Kwenye lile lililolala, mmoja utakuta ni mita 104 na mwingine 73. Ikiwa huna muda wa kupima kitu kingine chochote, pima hiyo miwili.

Hatua yenyewe inaweza kurekebishwa bila kuiacha. Nyoosha tepu ya fundi mita 20 mahali tambarare, tembea juu yake mwendo wako wa kawaida mara kadhaa, kisha gawanya 20 kwa wastani wa idadi ya hatua. Mwenye hatua ya sentimita 75 atapiga hatua 27 kasoro kidogo. Ekari yake yeye ni hatua 85 kwa 85, si sabini. Akikosea hesabu kwa hatua moja kila upande, ubavu umekosewa kwa asilimia 1.2 na eneo kwa 2.4, na hilo linavumilika. Asijaribu kurefusha hatua ili zitoshe sabini. Hatua ya kulazimisha huanza kwa sentimita 91 na kufikia hatua ya hamsini imeshuka, hasa kwenye majani marefu, na hapo hakuna tena kipimo.

Walio na simu wamehamia kwenye programu zinazochora mpaka wa shamba mtu akizunguka. Nazo zina kosa la mita, na kanda zilezile zinalikuza. Tuseme umezunguka nje kidogo ya mpaka, au simu imekusogeza nje mita 2 kila upande, hivyo kila ubavu umerefuka kwa mita 4. Kwenye ekari moja ubavu umezidi kwa asilimia 6 na eneo kwa 13. Kwenye robo ekari, yenye ubavu wa mita 31.8, mita hizohizo 4 ni asilimia 12.6 ya ubavu, na eneo limezidi kwa karibu 27. Kwenye shamba la ekari kumi ubavu ni mita 201. Mita 4 ni asilimia 2 tu, na eneo linazidi kwa 4. Kwa ekari kumi, basi, zunguka na simu. Kwa robo ekari inayogombaniwa na ndugu wawili, tafuta tepu ndefu na watu wanne, mmoja kila kona.